Mwongozo kamili wa kuhakiki ripoti ya ajali kazini: kutenganisha ukweli na maoni, kuziba mapengo ya muda na kuwapata mashahidi waliosahaulika

Mhakiki wa ripoti ya ajali hakuwepo ajali ilipotokea, na kwa kawaida si yeye atakayeamua nani ana kosa. Kazi yake ni kusoma kilichoandikwa na kuuliza kila sentensi imetoka wapi. Wengi hutafuta kwanza makosa ya tahajia na visanduku vya fomu vilivyoachwa wazi. Hivyo vina nafasi yake, lakini kasoro zinazoharibu ripoti ni tatu: maoni yaliyovaa nguo za ukweli, dakika ambazo hazina maelezo, na mashahidi wasiojulikana. Kwa uzoefu wangu kasoro hizo tatu hukutana mahali pamoja, kwa sababu mwandishi anapokosa dakika fulani na kukosa mtu wa kumweleza kilichotokea, huijaza nafasi hiyo kwa hukumu.

Tutatumia ripoti moja fupi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nimeitunga mwenyewe, ila kila sentensi iliyomo inafanana na sentensi ninazokutana nazo mara kwa mara. Nimezipa namba, na hayo ndiyo maandalizi unayopaswa kuyafanya kabla ya hatua zote: chapa nakala, acha hati ya asili bila kuguswa, kisha zipe sentensi zote namba.

1. Saa 4:10 asubuhi mfungashaji alikuwa akifanya kazi kwenye konveya namba 2.
2. Boksi likakwama kati ya mkanda na rola ya mwisho.
3. Kwa uzembe akaingiza mkono wa kulia bila kuzima mashine, vidole vikabanwa.
4. Wafanyakazi waliokuwa karibu wakamsaidia na mashine ikazimwa haraka.
5. Akapelekwa zahanati, akafika saa 4:50.
6. Mashine ilikuwa katika hali nzuri.
7. Chanzo cha ajali ni mfanyakazi kutofuata utaratibu.
8. Mashahidi: wafanyakazi wa zamu.

Hatua ya kwanza: wekea kila sentensi alama

Pembeni mwa kila sentensi andika herufi moja kati ya tatu. U ni ukweli, yaani jambo lililoonwa, lililosikiwa, lililopimwa au lililorekodiwa na kifaa, na chanzo chake kinaweza kutajwa. K ni kauli, yaani jambo alilosema mtu fulani. Hapo tulichonacho kwa uhakika ni kwamba alisema, bado hatujui kama ilikuwa hivyo. M ni maoni: hitimisho, sifa, lawama au makisio. Sentensi yenye sehemu mbili igawanye, kwa sababu maoni hupenda kujibanza ndani ya sentensi yenye ukweli.

Sentensi ya 3 ni mfano mzuri wa kujibanza huko. "Vidole vikabanwa" ni U, kwa kuwa jeraha linaonekana na limetibiwa. "Kwa uzembe" ni M, na hakuna kifaa kinachopima uzembe. "Bila kuzima mashine" ndiyo sehemu inayopotosha zaidi, kwa maana inasomeka kama ukweli mkavu. Ni dai la kukanusha, na dai la kukanusha linahitaji ushahidi kama dai jingine lolote: ama kuna mtu aliyekitazama kitufe muda wote, ama kuna kumbukumbu za mashine. Ripoti haijataja hata kimoja, kwa hiyo iwekee M mpaka chanzo kipatikane.

Yapo maneno ambayo mhakiki akiyaona anapaswa kusimama. "Haraka", "karibu", "nzuri", "kwa kawaida" na "mara kwa mara" ni maneno ya kipimo yasiyo na kipimo. Haraka ni sekunde 5 au dakika 2? Maneno ya moyoni kama "alidhani", "alitaka" na "alipuuza" yanaweza kutolewa na mwenyewe tu, na yakitoka kwake yanakuwa K. Sentensi yenye -nge- au -ngali-, kama "angezima mashine asingeumia", ni maoni siku zote, kwa sababu inazungumzia jambo ambalo halikutokea.

Lugha yetu ina mitego mingine miwili ambayo sioni ikitajwa katika mafunzo ya usalama. Mtego wa kwanza ni kauli ya kutendwa. "Mashine ikazimwa" ina maana kwamba kuna aliyeizima, ila sentensi imemficha. Kila unapokuta kitenzi cha namna hiyo andika pembeni: na nani? Sasa kilinganishe na "mashine ikazimika", ambayo haidai kwamba kuna mtu aliyeigusa. Huenda umeme ulikatika. Vivyo hivyo, kifuniko cha kinga "kilifunguliwa" na kifuniko "kilifunguka" ni ajali mbili tofauti zenye vyanzo viwili tofauti. Mwandishi aliyechoka mwisho wa zamu huandika chochote kati ya hivyo, basi mrudie umuulize alikusudia kipi.

Mtego wa pili ni kiambishi -ka-, nacho nitakieleza katika hatua inayofuata kwa sababu kinaficha muda.

Usifute maoni. Wapo wahakiki wanaokata kila kisicho ukweli, wakabaki na ripoti safi isiyo na msaada. Fundi wa mitambo akisema mkanda ulikuwa umelegea kuliko inavyotakiwa, hayo ni maoni ya mtu anayeijua kazi yake, na yanahitajika. Kinachotakiwa ni yahamie kwenye sehemu ya uchambuzi, yakiwa na jina la aliyeyatoa, wadhifa wake na alichokitazama au kukipima kabla ya kuyatoa. Sentensi ya 6 haina lolote kati ya hayo. Irudishe kwa mwandishi ikiwa na swali: nani aliikagua mashine, lini, kabla ya ajali au baada yake, na alikagua sehemu zipi?

Hatua ya pili: jenga mstari wa muda upya

Usiutegemee mtiririko wa ripoti. Chukua karatasi nyingine, chora safu nne, yaani wakati, tukio, chanzo na kiwango cha uhakika, kisha hamishia humo matukio yote. Katika safu ya mwisho andika mojawapo ya haya: wakati kamili, kati ya muda fulani na fulani, au makisio. Ripoti yetu ina nyakati mbili tu, saa 4:10 na saa 4:50, na katikati yake dakika 40 zimefungwa kwa vitenzi vya -ka-: likakwama, akaingiza, vikabanwa, wakamsaidia, ikazimwa, akapelekwa. Kiambishi hicho ni kizuri katika usimulizi kwa sababu hufuatanisha matukio bila mshono, na kwa sababu hiyohiyo hakifai kuaminiwa katika ripoti ya ajali. Kila -ka- unayoikuta, uliza ni muda gani ulipita kati ya kitenzi hiki na kilichotangulia.

Baada ya hapo tafuta nyakati zilizorekodiwa na kitu kisichotegemea kumbukumbu ya mtu. Maeneo mengi ya kazi yana angalau baadhi ya hizi: mashine ya mahudhurio, kumbukumbu za paneli ya mashine, kamera za ulinzi, simu zilizopigwa, rejista ya huduma ya kwanza, daftari la getini na karatasi ya mapokezi ya zahanati. Omba picha za kamera kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mifumo mingi hufuta picha za zamani ili kurekodi mpya, na ukichelewa hutazipata.

Kabla ya kuzipanga nyakati hizo, fanya marekebisho mawili. La kwanza ni la lugha. Shahidi anasema saa nne na dakika kumi, paneli inaonyesha 10:10, na karani anayenakili huenda akaandika chochote kati ya hivyo bila kueleza. Chagua mfumo mmoja wa saa, uutaje juu ya jedwali, na kila muda ulioubadilisha uandike pia kama ulivyokuwa kwenye chanzo. Nimewahi kusoma ripoti ambayo majeruhi alitibiwa karibu saa sita kabla ya kuumia, na kosa lilikuwa hilo tu.

Marekebisho ya pili ni ya saa zenyewe, kwani vifaa viwili ni nadra kusoma sawasawa. Simama mbele ya kila kifaa ukiwa na simu inayopata saa yake kutoka kwenye mtandao, piga picha moja inayoonyesha saa zote mbili, kisha andika tofauti. Katika mfano wetu, paneli ya konveya iko nyuma kwa dakika 2 na kamera ya ukumbini iko mbele kwa dakika 5. Kwa hiyo kila muda wa paneli unaongezewa dakika 2, na kila muda wa kamera unapunguzwa dakika 5.

Sasa tazama kilichotokea nyakati hizo zilipopangwa. Paneli ilisoma 10:12:05 mashine iliposimamishwa kwa kitufe cha kawaida, 10:16:40 ilipowashwa tena, na 10:17:20 kitufe cha dharura kilipobonyezwa. Baada ya marekebisho tunapata saa 4:14:05, saa 4:18:40 na saa 4:19:20. Kamera inaonyesha watu wakikimbilia konveya saa 10:24:30, ambayo baada ya marekebisho ni saa 4:19:30, sekunde 10 baada ya kitufe cha dharura. Vyanzo viwili visivyotegemeana vinakubaliana, kwa hiyo tuna sababu ya kuviamini. Rejista ya huduma ya kwanza inasema saa 4:31, na daftari la getini linasema gari lilitoka saa 4:44.

Sentensi ya 3 haiwezi kubaki ilivyo. Mashine ilizimwa. Ilikaa kimya kwa dakika 4 na sekunde 35, kisha mtu akaiwasha, na sekunde 40 baadaye mtu akabonyeza kitufe cha dharura. Swali kubwa la ajali hii, yaani nani aliiwasha na kwa sababu gani, halimo kabisa katika ripoti, na mahali pake pameandikwa neno "uzembe".

Hapa mhakiki naye ajihadhari. Ni rahisi kuruka kutoka hukumu moja hadi nyingine na kuandika kwamba mfungashaji hana kosa, mashine iliwashwa mkono wake ukiwa ndani. Kumbukumbu hazisemi hivyo. Zinaonyesha mashine ilikuwa hai kwa sekunde 40 kabla ya kitufe cha dharura, na katika sekunde hizo mkono ungeweza kuwa umeshaingia au ukaingia baadaye. Aidha, paneli inarekodi kwamba kitufe kimebonyezwa. Haijui ni kidole cha nani. Andika pengo kama pengo: "Kati ya saa 4:14:05 na saa 4:19:20 haijulikani mkono uliingia lini wala nani aliwasha mashine."

Mapengo yote hayana uzito sawa. Saa 2 kabla ya tukio, nusu saa isiyo na maelezo huenda isiwe kitu. Karibu na tukio, hata nusu dakika inahitaji kuulizwa. Baada ya jeraha, tafuta hasa muda uliopita mpaka msaada ulipofika. Takriban dakika 12 kati ya kitufe cha dharura na rejista ya huduma ya kwanza zinaweza kumaanisha kwamba vidole vilibaki vimebanwa na hakuna aliyejua namna ya kuilegeza rola, au zinaweza kumaanisha tu kwamba mhudumu aliandika rejista baada ya kumaliza kufunga bandeji. Majibu hayo mawili yanaelekea kwenye hatua tofauti kabisa za kurekebisha.

Vilevile, kagua ncha zote mbili za mstari. Ripoti nyingi huanza dakika ya ajali, ilhali mstari unapaswa kurudi angalau hadi makabidhiano ya zamu na mara ya mwisho kazi hiyo ilipofanyika bila tatizo. Je, maboksi yalikuwa yakikwama tangu asubuhi? Je, kifuniko cha rola kilikuwepo zamu iliyopita? Upande wa pili, mstari uendelee mpaka mashine ilipowashwa tena baada ya ajali, ukiwa na jina la aliyeruhusu. Picha za eneo zilizopigwa baada ya usafi na matengenezo zinaonyesha eneo lililosafishwa na kutengenezwa, hivyo muda wa kila picha ulinganishwe na muda wa kazi hizo.

Hatua ya tatu: tafuta mashahidi waliokosekana

"Wafanyakazi wa zamu" si shahidi. Chukua orodha ya mahudhurio, uhesabu waliokuwa kwenye eneo hilo, kisha ulinganishe na idadi ya maelezo yaliyoambatishwa. Tuseme mahudhurio yana watu 7 na maelezo ni 3. Hao 4 waliobaki wanahitaji mstari mmoja kila mmoja, hata kama ni wa kusema alikuwa wapi na kwamba hakuona kitu, kwa sababu "hakuona" ya mtu aliyesimama hatua tatu kutoka kwenye mashine ni habari yenye uzito.

Halafu tafuta wasiokuwa kwenye orodha hiyo kabisa. Kibarua wa siku, mfanyausafi, fundi wa kampuni ya nje, dereva anayesubiri mzigo na mlinzi hawasaini mahudhurio ya zamu ya uzalishaji, kwa hiyo hupotea. Watafute kwenye daftari la getini na kwenye kamera. Pia angalia kama maelezo ya majeruhi mwenyewe yamo. Unaweza kushangaa mara ngapi hayamo, kwa sababu ripoti iliandikwa akiwa kwenye matibabu na hakuna aliyerudi kumuuliza.

Shahidi ni zaidi ya yule aliyeona. Gawa watu katika makundi matatu: waliokuwepo kabla, waliokuwepo wakati wa tukio, na waliofika baadaye. Wa kwanza wanajua hali ya mashine na maagizo yaliyotolewa, na wa mwisho wanajua vitu vilivyosogezwa wakati wa kuokoa. Kwa kila mmoja, ripoti inapaswa kuonyesha jina na kazi yake, namna ya kumpata, aliposimama na alikotazama, umbali, na kilichomzuia kuona kama kipo. Kisha itenganishe alichoona, alichosikia na alichoambiwa. Mtu anayeandika "nilimwona akiingiza mkono", ilhali mchoro unaonyesha alikuwa nyuma ya rundo la maboksi, aulizwe tena kwa upole bila kumtuhumu. Mara nyingi alisikia yowe, akageuka, na akili ikajaza yaliyotangulia.

Angalia pia namna maelezo yalivyochukuliwa. Yawe na tarehe, saa, jina la aliyeyachukua, lugha iliyotumika, na sahihi. Ukiona maelezo mawili yenye sentensi inayofanana neno kwa neno, elewa kwamba waliandika wakiwa pamoja au mmoja alinakili, na hayo usiyahesabu kama vyanzo viwili. Kama aliyechukua maelezo ni msimamizi ambaye maagizo yake yenyewe yanaulizwa, liandike hilo waziwazi na upendekeze mtu mwingine ayachukue upya.

Namba za simu na anwani za mashahidi ziwekwe kwenye ukurasa tofauti unaofungiwa, na katika ripoti inayosambazwa watajwe kama Shahidi wa 1, Shahidi wa 2 na kuendelea. Hati yenye simu za watu haifai kubandikwa ubaoni.

Hatua ya nne: rudisha ripoti ikiwa na maswali

Usiiandike upya wewe. Mwandikie mwenzako maswali, kila swali likitaja namba ya sentensi na likihusu jambo moja, bila kumpa jibu mdomoni. "Je, si kweli kwamba msimamizi ndiye aliyewasha?" ni swali baya. Kwa mfano wetu mimi ningetuma haya, pamoja na swali la sentensi ya 6 tuliloliona katika hatua ya kwanza:

- Sentensi ya 3: maneno "bila kuzima mashine" yanatokana na chanzo gani? Kumbukumbu za paneli zinaonyesha ilisimama saa 4:14:05.
- Sentensi ya 3 na ya 4: nani alikuwa kwenye paneli saa 4:18:40, na kutoka hapo rola ya mwisho inaonekana? Tafadhali pima umbali.
- Sentensi ya 4: nani alibonyeza kitufe cha dharura?
- Sentensi ya 5: nini kilifanyika kati ya saa 4:19:20 na saa 4:31?
- Sentensi ya 8: tafadhali taja kila mtu, aliposimama, na kama ametoa maelezo.

Sentensi ya 7 haipati swali. Inasubiri. Chanzo kinaandikwa baada ya majibu kurudi, na kikiandikwa kitaje ni ukweli upi unaokibeba. "Mfanyakazi kutofuata utaratibu" inahitaji pia utaratibu wenyewe uambatishwe: unasema nini kuhusu kuondoa boksi lililokwama, unataka paneli ifungwe kwa kufuli kabla ya mkono kuingia, na kufuli hilo lilikuwepo?

Maswali haya yasicheleweshe taarifa ya awali. Sheria za nchi nyingi huweka muda mfupi wa kuarifu mamlaka kuhusu jeraha kubwa, nayo taarifa hiyo hupelekwa na yale yanayojulikana, huku yasiyojulikana yakiandikwa hivyo.

Majibu yakirudi, sentensi ya 3 na ya 4 zinaweza kusomeka hivi: "Saa 4:14:05 konveya ilisimamishwa kwa kitufe cha kawaida (kumbukumbu za paneli). Majeruhi anasema ni yeye aliyeisimamisha, na kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya boksi rola ilipoanza kuzunguka. Saa 4:18:40 konveya iliwashwa. Shahidi wa 5, kibarua wa siku ambaye hakuwa kwenye mahudhurio ya zamu, anasema aliiwasha baada ya kusikia mtu akisema 'tayari', hakumwona aliyesema. Kutoka kwenye paneli, mita 6, rola ya mwisho haionekani. Kitufe cha dharura kilibonyezwa saa 4:19:20 na Shahidi wa 2." Ni ndefu kuliko "kwa uzembe", na bado ina pengo, kwa kuwa hatujui nani alisema "tayari". Pengo hilo linabaki limeandikwa, na hati ya kwanza inahifadhiwa pamoja na hii mpya, kila moja ikiwa na tarehe yake.